Mwenye duka mpya: namna ya kutambua bidhaa halisi na zile za kufanana unapoagiza mzigo

Swali hili hutufikia studio karibu kila tunapozungumzia biashara ndogo. Mtu amefungua duka, ameagiza mzigo kwa simu, mzigo umekuja na basi, na sasa ana katoni mbele yake ambayo rangi ni ileile na boksi ni lilelile, ila kuna kitu hakikai sawa. Pesa ameshatuma. Wateja wa jioni wako njiani. Auze au arudishe?

Makala haya ni kwa ajili yake, lakini zaidi ni kwa ajili ya yule aliye hatua moja nyuma yake, ambaye bado hajapiga simu ya kuagiza. Mzigo wa kufanana huzuilika kwa urahisi zaidi ukiwa bado kwa muuzaji wa jumla kuliko ukishakuwa kwenye rafu yako. Nimechagua bidhaa moja tu ya kufuatilia tangu mwanzo hadi mwisho, nayo ni dawa ya mswaki. Kila duka la mtaani linaiuza, inaingia mdomoni mwa watoto, na boksi lake ni rahisi kuigwa. Ukishaelewa namna ya kuikagua, wembe, dawa ya viatu na sabuni ya unga hukaguliwa kwa macho yaleyale.

Feki na kufanana si kitu kimoja

Sokoni tunaita vyote "feki", lakini mwenye duka anapaswa kuvitenganisha, maana hatua za kuchukua ni tofauti.

Bidhaa bandia ni ile iliyobandikwa jina la mwenye chapa bila ruhusa yake. Boksi linasema jina kamili la kampuni unayoijua, kiwanda unachokijua, hata namba ya simu ya huduma kwa wateja inaweza kuwa ya kweli, lakini kilichomo ndani hakikutoka huko. Hii ni kosa kisheria. Tanzania ina Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na anayeisimamia ni Tume ya Ushindani, FCC. Kuwa na bidhaa ya namna hiyo dukani kwa ajili ya kuuza kunakuingiza kwenye kesi hata kama hukuitengeneza wewe.

Bidhaa ya kufanana ni mjanja zaidi. Hii ina jina lake lenyewe. Mara nyingi ni herufi moja au mbili tofauti na jina maarufu, au ni neno jingine kabisa lililoandikwa kwa mwandiko uleule, juu ya rangi zilezile, na mstari uleule mweupe unaopita katikati. Inaweza kuwa na kiwanda halali na alama halali ya ubora. Pengine hata inasafisha meno vizuri tu. Tatizo ni kwamba wewe umelipia kitu kingine, na mteja wako atadhani amenunua kitu kingine. Mwenye chapa iliyoigwa anaweza kulalamika au kwenda mahakamani akisema wateja wanapotoshwa, na bidhaa ikazuiwa sokoni wakati wewe una katoni tatu stoo.

Kuna aina ya tatu ambayo wauzaji wapya huisahau. Hii ni bidhaa halisi kabisa ambayo muda wake wa matumizi umepita au unakaribia, na mtu amefuta tarehe na kugonga nyingine. Kila kitu kwenye boksi ni cha kweli isipokuwa ile sehemu ndogo yenye tarehe. Nitairudia tukifika kwenye kukagua.

Mlango wa kwanza ni maneno ya agizo lako

Kiswahili chetu cha dukani kina tabia moja inayowapa wauzaji wa jumla mwanya. Majina ya chapa yamegeuka majina ya vitu. Dawa ya viatu ya aina yoyote ni "kiwi". Sabuni ya unga ni "omo". Nepi za watoto ni "pampasi", na dawa ya mswaki kwa wengi ni "kolgeti". Mteja anayesema "nipe kolgeti" anaweza kabisa kuridhika ukimpa Whitedent, ambayo hutengenezwa hapa Dar es Salaam, kwa sababu alichotaka ni dawa ya kupigia mswaki.

Sasa chukua lugha hiyohiyo uipeleke kwenye simu ya kuagiza mzigo. Umempigia mtu wa jumla, au winga wa Kariakoo anayekuzungukia madukani kutafuta bei: "Kaka, niwekee kolgeti dazani sita, zile kubwa." Katika sentensi hiyo hujataja chapa, kwa sababu neno lako lina maana mbili. Hujataja uzito, maana "kubwa" kwa mmoja ni gramu 140 na kwa mwingine ni gramu 100 ndani ya boksi pana. Akikuletea ya kufanana, hajakudanganya kwa maneno, na ukilalamika atakujibu, bila haya, "si uliniambia kolgeti, bosi wangu?"

Agizo linalokulinda huandikwa, hata kama mmeshaongea kwa simu. Ujumbe mfupi wa simu unatosha, na unaweza kuwa hivi:

"Habari kaka. Naomba dazani 6 za dawa ya mswaki. Chapa: (jina kamili, herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye boksi). Uzito: gramu 140. Mtengenezaji: (jina la kiwanda kama lilivyo nyuma ya boksi). Muda wa matumizi uliobaki usipungue mwaka mmoja. Kama haipo usibadilishe, nijulishe kwanza. Risiti iandikwe jina la bidhaa na uzito."

Sentensi ya "usibadilishe" ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Kwa mazoea ya soko letu, kitu kikikosekana muuzaji hujaza nafasi na kinachofanana ili gari lisiondoke na pengo. Mara nyingi hana nia mbaya, anaona amekusaidia. Ukishamwandikia asibadilishe, mzigo wa kufanana ukija ni kosa lake kwa maandishi, na ujumbe wako uko kwenye simu zenu wote wawili.

Kuwa na pakiti ya kulinganishia

Huwezi kutambua kinachofanana kama huna kinachofananishwa. Macho hukumbuka rangi, hayakumbuki herufi, na waigaji wanajua hivyo. Kwa hiyo kabla ya kuagiza mzigo wako wa kwanza wa chapa fulani, nunua pakiti moja ya rejareja kutoka mahali ambapo mnyororo wake unaujua: kwa msambazaji aliyeteuliwa na kampuni, au kwenye duka kubwa linalopokea mzigo kwa gari la kampuni lenyewe. Kama humjui msambazaji wa mkoa wako, piga namba ya huduma kwa wateja iliyoko kwenye pakiti hiyo uliyonunua mahali pa uhakika, uulize ni nani anayewasambazia mkoa huu. Usitumie namba iliyoko kwenye mzigo unaoutilia shaka.

Pakiti hiyo usiiuze. Iandike kwa kalamu tarehe na mahali uliponunua, iweke kwenye droo ya kaunta. Ipige picha pande zote sita. Kila kampuni ikibadilisha boksi lake, jambo ambalo hutokea, nunua nyingine na uiweke pembeni ya ile ya zamani. Hii nayo ni muhimu, kwa sababu neno linalotumika kuuzia mzigo wa kufanana ni "hili ni boksi jipya, ndilo linalotoka sasa". Huenda ni kweli. Simu moja kwa msambazaji itakupa jibu.

Omba picha kabla ya kutuma pesa

Wengi wetu mikoani hatuendi kuchagua mzigo kwa macho. Tunatuma pesa kwa simu, mzigo unapanda basi la usiku, asubuhi tunaupokea stendi. Hapo ndipo pengo lilipo, na linazibwa kwa picha nne.

Muombe muuzaji akupigie picha ya ubavu wa katoni, ya uso wa boksi, ya mgongo wa boksi ambapo maandishi madogo yanasomeka, na ya mshono wa mwisho wa tyubu, ile sehemu bapa iliyobanwa, ambapo huwa pamegongwa namba na tarehe. Ziwe za mzigo uleule anaotaka kukuuzia. Muuzaji mzoefu wa bidhaa halisi anaweza kulalamika kuwa unamsumbua, lakini atazituma, kwa kuwa kufungua katoni moja hakumgharimu kitu. Anayekutumia picha nzuri iliyopigwa kwenye mwanga wa tangazo amekutumia picha ya mtandaoni, hiyo haihesabiki.

Ukizipata, fanya jambo moja dogo kwenye simu yako: igeuze picha ya uso wa boksi iwe nyeusi na nyeupe, na ufanye hivyo kwa picha ya pakiti yako ya kulinganishia. Rangi ndiyo nguo ambayo bidhaa ya kufanana imeazima. Ukiivua, kinachobaki ni jina, na jina lililokuwa linapita haraka machoni sasa linasomeka. Kisha soma herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza, usisome neno zima. Ubongo uliozoea neno hujisomea lenyewe hata herufi ikiwa imebadilika.

Mzigo umefika: anza nje uingie ndani

Fungua mzigo mbele ya aliyeuleta ikiwezekana. Kama ni basi, fungua kabla haujaupanga, huku ukirekodi video. Usianze na tyubu. Anza na katoni, kwa sababu muigaji hutumia nguvu zake kwenye kile mteja anachokiona, na mteja haoni katoni. Katoni halisi ya kiwandani kwa kawaida ina jina la bidhaa, uzito, idadi ya vipande, namba ya bachi na tarehe. Katoni tupu isiyo na maandishi, au iliyokuwa ya bidhaa nyingine ikafungwa kwa gundi ya karatasi, haimaanishi moja kwa moja kwamba mzigo ni mbaya, maana wauzaji wa jumla hufungua na kuchanganya. Ila inamaanisha umepoteza shahidi mmoja, kwa hiyo vilivyobaki uvihoji zaidi.

Kisha chukua maboksi matano kutoka sehemu tofauti za katoni, uyapange kwa mstari, na pakiti yako ya kulinganishia iwe ya sita. Tazama namba ya bachi na tarehe. Hapa kuna jambo ambalo watu wa viwandani wanalijua na wenye maduka wengi hawajaambiwa. Boksi huchapishwa kwanza, huko kwa mchapishaji, kwa maelfu. Namba ya bachi na tarehe huongezwa baadaye, dawa inapojazwa, kwa mashine nyingine. Ndiyo maana kwenye bidhaa halisi maandishi hayo mara nyingi huwa na wino tofauti au yamegongwa kwa kuzama, na hayakai sehemu ileile kabisa kwa kila boksi. Moja yako juu kidogo, jingine limesogea kushoto. Muigaji anayetaka kuokoa gharama huchapisha namba ya bachi pamoja na boksi zima. Matokeo yake maboksi yote matano yana namba katika sehemu ileile, kwa wino uleule wa maandishi mengine, nadhifu kupita kiasi. Na ukiagiza tena baada ya miezi minne unakuta bachi ni ileile. Kiwanda kinachozalisha kila siku hakina bachi isiyoisha.

Ukiona dalili hii, usiridhike nayo peke yake. Linganisha na pakiti yako. Ikiwa pakiti halisi nayo imechapwa namna hiyo, basi ndiyo desturi ya kiwanda hicho.

Sasa toa tyubu kwenye boksi. Linganisha namba iliyogongwa kwenye mshono wa tyubu na ile ya boksi. Viwanda vingi huziweka sawa. Vingine hutumia mfumo tofauti kwa tyubu, ndiyo maana narudi tena kwenye droo ya kaunta: pakiti halisi inaonyesha nini? Lakini tarehe ya mwisho wa matumizi isipatane kati ya boksi na tyubu, hiyo ni dalili nzito. Ndiyo inayoumbua ile aina ya tatu niliyoitaja. Kufuta na kugonga upya tarehe kwenye boksi la karatasi ni rahisi, lakini kwenye plastiki iliyobanwa kwa moto ni kazi. Pitisha kidole kwenye tarehe ya boksi, kisha liinamishe kwenye mwanga. Penye kufutwa huwa pamekwaruzika, au mng'ao wa boksi umekufa hapo tu.

Halafu pima. Mizani ndogo ya kidijitali ya jikoni inatosha. Weka tyubu halisi, andika uzito, weka za mzigo mpya moja moja. Uzito utakuwa mkubwa kuliko ulioandikwa kwa sababu tyubu yenyewe ina uzito, usishtuke. Unachotafuta ni tofauti kati ya tyubu na tyubu. Kuzidi au kupungua gramu moja au mbili ni kawaida ya mashine. Tyubu ya "gramu 140" inayopungua gramu ishirini ukilinganisha na halisi haikupimwa na kiwanda kile, au unashika saizi nyingine.

Kuhusu saizi, tukio la mwaka 2007 huko Marekani linafundisha. Mwezi Juni mwaka huo Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo ilitoa tahadhari juu ya dawa ya mswaki bandia yenye jina la Colgate, iliyokutwa kwenye maduka ya bei nafuu katika majimbo ya New York, New Jersey, Pennsylvania na Maryland. Boksi lilisema imetengenezwa Afrika Kusini. Ndani yake huenda kulikuwa na dayethilini glaikoli, kemikali ya viwandani inayotumika pia kwenye maji ya kupozea injini, ambayo ni hatari zaidi kwa watoto na kwa wenye ugonjwa wa figo au ini. Iliwezaje kutambulika kwa macho? Kwanza, kampuni yenyewe ilisema haingizi Marekani dawa ya mswaki kutoka Afrika Kusini, na saizi ile ya mililita 100 haikuwa inaiuza nchini humo. Pili, maandishi yalikuwa na makosa. Kwenye jina la Kiingereza la nchi ya Afrika Kusini herufi L ilikaa mahali pa I, na maneno mawili yalikuwa yameshikana bila nafasi. Hakuna aliyehitaji maabara ili kuanza kushuku. Ilitosha mwenye duka kujua ni saizi zipi kampuni inauza, na kusoma mgongo wa boksi.

Alama za kwenye boksi zinathibitisha nini, na nini hazithibitishi

Alama ya TBS humaanisha kwamba bidhaa fulani ya kiwanda fulani imepewa leseni ya kuitumia baada ya kukidhi kiwango. Haimaanishi kwamba ni chapa unayoidhania. Bidhaa ya kufanana inaweza kuwa nayo kihalali, na bidhaa bandia inaweza kuwa imeichora tu. Kwa hiyo muuzaji akikuambia "lakini ina TBS", mjibu kwa upole kwamba hujauliza ubora, umeuliza ni ya nani.

Barkodi nayo imebebeshwa mzigo usio wake. Ni kweli kwamba namba zinazoanza na 620 hutolewa Tanzania, 616 Kenya, 600 na 601 Afrika Kusini, na kuanzia 690 hadi 699 China. Lakini tarakimu hizo zinaonyesha kampuni ilisajili wapi namba zake, wala si lazima ndipo bidhaa ilipotengenezwa, na muigaji anaweza kunakili barkodi nzima kama anavyonakili picha. Faida yake kwako ni upande mmoja tu. Barkodi ya mzigo ikiwa tofauti na ya pakiti halisi ya chapa na saizi ileile, uliza kwa nini. Ikiwa sawa, bado hujathibitisha kitu.

Na kuna ile ya rangi ya kijistari kilichoko mwisho wa tyubu, ambayo wateja wako wataileta dukani wakiwa wameipata kwenye makundi ya WhatsApp: kijani ni ya asili, nyeusi ni kemikali tupu. Si kweli. Kijistari hicho ni cha mashine. Jicho la mashine hukisoma ili lijue mahali pa kukata na kubana tyubu, na rangi huchaguliwa ili ionekane vizuri juu ya rangi ya tyubu. Usikitumie kukubali wala kukataa mzigo.

Kwa vinywaji vikali na sigara hali ni nzuri zaidi, kwani zina stempu za kodi za kielektroniki, na programu ya TRA ya simu iitwayo Hakiki Stempu husoma stempu yenyewe. Dawa ya mswaki haina msaada huo, kwa hiyo tunabaki na macho, mizani na risiti.

Bei: piga hesabu ya pande zote mbili

Tuseme, kwa mfano tu, dazani ya dawa halisi unaipata kwa msambazaji kwa shilingi 30,000, na wewe unauza kila tyubu shilingi 3,000. Dazani inakuingizia 36,000, faida 6,000. Winga anakupigia: anayo kwa 24,000, "mzigo wa haraka, mama, kesho haupo". Kwa bei hiyo faida ya dazani ni 12,000, mara mbili kamili.

Kabla ya kufurahi, jiulize yeye ameipata kwa bei gani. Msambazaji mwenyewe ananunua kiwandani kwa bei iliyo chini kidogo tu ya 30,000, kwani bidhaa hizi zinazotoka kwa wingi zina faida nyembamba kila hatua. Ili winga akuuzie kwa 24,000 na bado apate chake, lazima kuna sababu. Sababu halali zipo: mzigo unakaribia kuisha muda, kampuni ina ofa, mtu anafunga duka. Zote zinaweza kuelezwa na kuthibitishwa, ya kwanza kwa kusoma tarehe, ya pili kwa kumpigia msambazaji. Punguzo la asilimia 20 lisilo na maelezo halina kawaida ya kutokea kwenye dawa ya mswaki.

Upande wa pili wa hesabu ni huu. Umenunua dazani 6 kwa 144,000, zikagundulika ni bandia, zikachukuliwa. Ili kurudisha 144,000 kwa faida ya kawaida ya 6,000 kwa dazani, utahitaji kuuza dazani 24 za dawa halisi. Kwa duka jipya la mtaani hiyo ni miezi mingi ya kuuza dawa ya mswaki bure. Na hapo sijahesabu faini, wala gharama za kuteketeza mzigo ambazo zinaweza kukuangukia wewe.

Risiti iseme ulichonunua

Mkaguzi akiingia dukani, swali la kwanza ni umenunua wapi. Jibu lenye karatasi na jibu la "kuna kijana hupita hapa" hayalingani uzito. Aliyechukua tahadhari na anayeweza kumtaja aliyemuuzia yuko mahali tofauti kabisa na asiyejua mzigo wake ulitoka wapi.

Dai risiti ya mashine ya EFD, na uisome. Risiti nyingi za jumla huandikwa "bidhaa mchanganyiko" au jumla ya pesa tu. Hiyo inathibitisha kwamba ulitoa pesa, haithibitishi ulinunua nini. Jina la chapa, uzito na idadi ya dazani viwepo. Kisha ingiza namba ya uhakiki iliyo kwenye risiti katika tovuti ya TRA, verify.tra.go.tz, au soma alama yake ya mraba kwa simu, uone kama risiti yenyewe ipo kwenye mfumo. Anayeuza mzigo wa mashaka wakati mwingine hutoa risiti inayofanana na ya kweli pia.

Muuzaji mdogo asiye na mashine akuandikie risiti ya mkono yenye jina lake, namba yake ya simu, mahali alipo na jina la bidhaa. Akikataa kuandika jina la chapa lakini yuko tayari kuandika kila kingine, umeshapata jibu.

Ukishagundua, ufanyeje

Acha kuuza papo hapo, hata kama umebakiwa na tyubu nne. Zitenge kwenye katoni moja, funga, andika tarehe, na usiichanganye na mzigo mwingine. Mpigie muuzaji, mtumie picha zako mbili, ya pakiti halisi na ya mzigo wake, pamoja na ule ujumbe wa agizo.

Kuanzia hapa njia zinagawanyika. Kama ni bidhaa ya kufanana yenye jina lake lenyewe, hili ni suala la agizo kutotimizwa. Dai abadilishe au arudishe pesa, na wauzaji wa jumla wenye maduka ya kudumu kwa kawaida hukubali wakiona maandishi. Ukiamua kubaki nayo kwa sababu ina leseni na bei yake inafaa wateja wako, iweke mbali na ile maarufu, iuze kwa jina lake na kwa bei yake. Mteja akisema "kolgeti", mwoneshe zote mbili achague. Kuzipanga bega kwa bega kwa bei moja ndiko kunakomgeuza mwenye duka kuwa sehemu ya udanganyifu.

Kama ni bandia, usiirudishe kimyakimya. Nauelewa mvuto wake, pesa yako inarudi na kelele hakuna, lakini katoni hiyohiyo itauzwa kwa mwenye duka wa wilaya ya jirani wiki ijayo, na ushahidi wako umeondoka nayo. Piga picha, hifadhi risiti, toa taarifa FCC, na umjulishe mwenye chapa kupitia msambazaji wake wa mkoa. Kampuni nyingi hutuma mtu haraka kuangalia, kwani wao ndio wanaojua alama zilizofichwa kwenye boksi lao ambazo mimi na wewe hatuambiwi. Na mteja aliyekwisha kununua akirudi na tyubu yake, ipokee, mrudishie pesa, uiweke kwenye ile katoni iliyofungwa pamoja na nyingine.